Jedwali la wachumaji wa karafuu: nyongeza inaanza kupungua kwa mtu wa 4, wa 5 au wa 8?

#1 BintiWete

Asalaam aleikum wana ukumbi. Niko kidato cha 6, mchepuo wa biashara. Maalim wetu katupa jedwali la shamba moja la mikarafuu. Miti ni ile ile, ngoe za kuvutia matawi ni 3 tu, jamvi la kuchambulia ni moja, siku ni moja. Kinachobadilika ni idadi ya wachumaji, yaani L. Katupa safu ya TP peke yake, yaani jumla ya pishi zilizochumwa na kuchambuliwa, mbili zilizobaki tujaze wenyewe. Mimi nimejaza hivi:

```
L    TP    AP     MP
0     0    -      -
1     4    4.0    4
2    10    5.0    6
3    18    6.0    8
4    24    6.0    6
5    28    5.6    4
6    30    5.0    2
7    30    4.3    0
8    28    3.5   -2
```

AP, yaani wastani, nimegawa jumla kwa idadi ya watu. MP, yaani nyongeza, nimetoa jumla ya mstari wa juu kutoka jumla ya mstari wa chini yake. Hapo nadhani sina tatizo. Tatizo ni swali la mwisho: "Onesha ni wapi nyongeza inaanza kupungua na ueleze sababu." Darasani tumegawanyika makundi matatu na kila kundi lina jibu lake. Nisaidieni, na mnipe sababu, maana jibu tupu ninayo matatu tayari.

#2 Kipepeo_Chake

Waleikum salaam. Mbona rahisi, mwanangu. Ni mtu wa 8. Angalia jumla: 30, kisha 30, kisha 28. Hapo ndipo mavuno yalipopungua. Kabla ya hapo kila ukiongeza mtu unapata zaidi, au angalau hupotezi. Huwezi kusema kitu kinapungua wakati pishi zinazidi jamvini.

#3 Ngalawa_Mkoani

Kipepeo umekwenda mbali sana. Jibu ni mtu wa 5. Tazama safu ya wastani: 4, 5, 6, 6, halafu 5.6. Mpaka watu 4 kila mmoja kwa wastani analeta pishi 6. Akiingia wa 5 wastani unashuka, na hapo ndipo shamba linapoanza kuelemewa. Nilisoma uchumi miaka mingi nyuma na hili nalikumbuka vizuri, wastani ndio kipimo cha ufanisi.

#4 ShambaLaBabu

Binti, jedwali lako limejazwa sawasawa. Sasa hayo makundi matatu ya darasani kwenu hayabishani juu ya jambo moja. Kila kundi limeona tukio lake, na matukio yote matatu yamo kwenye jedwali, ila swali limeuliza moja tu.

Swali limesema "nyongeza". Kwa hiyo safu ya kusoma ni ya MP, na hizo nyengine ziache kwanza. Teremka nayo taratibu: 4, 6, 8, halafu 6. Mchumaji wa 3 kaongeza pishi 8, wa 4 kaongeza 6. Hapo ndipo nyongeza ilipoanza kupungua, kwa mchumaji wa 4.

Kumbuka mchumaji wa 4 hakuharibu kitu. Jumla imepanda kutoka 18 hadi 24 na wastani umebaki 6. Ukitazama safu hizo mbili peke yake hutoona dalili yoyote ya mabadiliko, na ndiyo sababu watu wengi wanapitwa na mstari huo.

Tukio la pili ni la Ngalawa: wastani unaanza kushuka kwa mtu wa 5. Ni kweli, ila huko ni kushuka kwa wastani. Tukio la tatu ni la Kipepeo: jumla yenyewe inashuka kwa mtu wa 8, kwa sababu nyongeza imekuwa hasi. Huko ni mwisho wa safari. Kuanzia wa 4 mpaka wa 6 nyongeza inapungua huku jumla inapanda, na kipindi hicho ndicho kirefu na ndicho chenye mambo.

#5 Kipepeo_Chake

Maalim ShambaLaBabu, bado linanipa tabu. Kitu kinapandaje na kupungua kwa wakati mmoja?

#6 Mhasibu_Darajani

Ami Kipepeo, ni kama mtu anayepanda ngazi ambayo kila daraja ni fupi kuliko lililopita. Anazidi kwenda juu, lakini kila hatua inampandisha pungufu ya ile iliyotangulia. Jumla ni umbali aliofika, nyongeza ni urefu wa daraja alilokanyaga sasa hivi. Kutoka 18 kwenda 24 kapanda 6, kwenda 28 kapanda 4, kwenda 30 kapanda 2. Yuko juu zaidi kila mara, na madaraja yanazidi kuwa mafupi.

Nawe Binti ujipe uhakika wa hesabu. Jumlisha safu yako ya MP kutoka juu mpaka mstari wowote, lazima upate TP ya mstari huo. 4 na 6 na 8 ni 18, sawa. Endelea mpaka chini, 18 na 6 na 4 na 2 na 0, toa 2, unapata 28. Ikitofautiana, kuna mstari umekosea kutoa.

#7 BintiWete

Ahsanteni sana. Nimejumlisha, imekubali. Ila nina suala dogo: mbona AP ya watu 3 na ya watu 4 ni 6 zote mbili, wakati MP imetoka 8 ikawa 6? Nilidhani nimekosea nikafuta mara nyingi.

#8 Mhasibu_Darajani

Hujakosea. Mgeni anayeingia mlinganishe na wastani aliowakuta nao wenzake. Mchumaji wa 3 kawakuta wenziwe wana wastani wa 5, yeye kaleta 8, akawavuta juu mpaka 6. Mchumaji wa 4 kawakuta na 6, naye kaleta 6 hizo hizo, hakuvuta juu wala chini. Wa 5 kawakuta na 6 akaleta 4, akaushusha wastani mpaka 5.6.

Kwa hiyo wastani unaweza kuendelea kupanda hata baada ya nyongeza kuanza kushuka, mradi nyongeza iwe bado juu ya wastani uliokuwepo. Chukua mfano huu: lau mchumaji wa 4 angeleta 7, nyongeza ingekuwa imeshashuka kutoka 8, na wastani ungepanda kufikia 6.25. Ukisubiri wastani ukwambie, utachelewa.

#9 Ngalawa_Mkoani

Sikatai hesabu. Ninachosema ni kwamba mwenye shamba hasikii chochote mpaka wastani uanguke. Yeye anatazama kila kichwa kinaleta pishi ngapi. Hata wanauchumi wenyewe wanaigawa hii kazi ya uzalishaji katika hatua tatu, na hatua ya kwanza inaishia pale wastani unapofika kileleni, si pale nyongeza inapofika kileleni. Nibishieni na hilo.

#10 ShambaLaBabu

Hilo sikubishii, ni kweli tupu. Hatua ya kwanza inaishia penye kilele cha wastani, ya pili inakwenda mpaka nyongeza ifike sifuri, ya tatu ni huko jumla inakoshuka. Lakini hatua hizo zimewekwa ili kujua mzalishaji mwenye akili afanye kazi katika eneo gani. Binti hakuulizwa hilo. Kaulizwa nyongeza inaanza kupungua wapi, na kwenye jedwali hili inaanza ndani ya hatua ya kwanza, kabla haijakwisha. Mtahini akiona "mtu wa 5" atajua mwanafunzi kasoma safu ya wastani badala ya safu ya nyongeza.

#11 MamaMwani_Paje

Samahanini wanangu nachangia na yangu. Sisi wa mwani tunaijua hiyo kupungua. Zamani mimi na dada zangu tulikuwa tunapanda kotonii, inakua mikubwa, inapendeza. Maji yakaanza kuwa moto, ikawa inakufa kwenye kamba, inageuka nyeupe na kukatika. Sasa wengi tumebaki na spinosamu ambayo bei yake ni ndogo. Watu ni wale wale, kamba ni zile zile, mavuno yamepungua. Si ndiyo hiyo kanuni yenu ya nyongeza kupungua?

#12 ShambaLaBabu

Bi mkubwa, pole sana, hilo ni tatizo kubwa na limewaumiza wengi upande wenu. Lakini ni jambo jengine. Kanuni hii inasema: mambo mengine yote yakibaki kama yalivyo, ukiongeza kitu kimoja tu, nyongeza yake itafika mahali ianze kupungua. Kwenu hakuna aliyeongeza kitu. Watu wale wale, kamba zile zile, kilichobadilika ni bahari. Bahari ikiharibika, jedwali zima linabadilika, kila mstari unapata namba ndogo. Sisi hapa tunateremka mstari kwa mstari ndani ya jedwali moja.

Ila kwenu ingeonekana hivi: eneo lenu la pwani ni lile lile na vigingi ni vile vile, mkawa wawili, kisha watatu, kisha wanne, kisha saba, wote siku moja ya maji kupwa. Mwanzo mmoja anafunga mbegu, mwengine anavuta kamba, kazi inakwenda haraka. Baadaye mnakanyagana na kamba hakuna.

#13 MamaMwani_Paje

Nimekufahamu, ahsante. Hilo la kukanyagana nalo lipo, tena sana, maana maji yakipwa muda ni mfupi na kila mtu anautaka huo huo.

#14 Mchumaji_Konde

Nimesoma yote nikaona hakuna aliyepanda mkarafuu humu isipokuwa mmoja. Mimi nachuma kila msimu. Wacha niwaambie kwa nini mtu wa 2 na wa 3 wanaongeza zaidi ya wa 1, maana mmepita hapo haraka.

Mchumaji akiwa peke yake anafanya kila kitu. Anapanda, anavuta tawi kwa ngoe, anachuma vishada, pakacha likijaa anateremka, anamwaga, anapanda tena. Jioni anakaa kuchambua, anatenga karafuu na makonyo. Nusu ya siku inaishia kwenye kupanda na kuteremka. Wakiwa wawili, mmoja anabaki juu na wa chini anapokea. Wakiwa watatu, wawili wako juu kwenye miti tofauti na mmoja chini anapokea na kuchambua moja kwa moja. Hakuna anayepoteza muda. Ndiyo hiyo 8.

Sasa wa 4 akija anakuta kazi zimeshagawiwa. Atapewa miti ya pembeni, au akae kuchambua na mwenzake. Analeta kitu, lakini si kama wa 3. Hakuna uvivu hapo.

#15 Kipepeo_Chake

Mimi nilidhani ndiyo uvivu! Watu wakizidi mazungumzo yanazidi. Nimesimamia vibarua, najua.

#16 BintiWete

Hapo kwenye sababu ndipo nilipokuwa napataka. Wenzangu wameandika "wachumaji wa mwisho ni dhaifu kuliko wa mwanzo". Ni sawa?

#17 ShambaLaBabu

Si sawa, na hiyo itawanyima alama. Jedwali linachukulia kuwa wachumaji wote wana uwezo mmoja. Ukimchukua aliyeitwa wa 4 ukamweka wa kwanza, ataleta pishi 4 kama yule wa kwanza alivyoleta. Ukimchukua wa kwanza ukamleta mwisho baada ya wenziwe 7, yeye ndiye atakayeonekana kaleta hasi 2. Namba ni ya nafasi, si ya mtu. Kinachoishusha ni kwamba watu wanazidi na miti, ngoe na jamvi havizidi, hivyo kila mchumaji anafanya kazi na sehemu ndogo zaidi ya vitu hivyo.

Kwa jedwali hili ningeandika kuwa ngoe ni 3. Mpaka mtu wa 3 kila mmoja anaweza kuwa na ngoe yake akiihitaji. Wa 4 hana, anasubiri au anachuma matawi anayoyafikia kwa mkono. Kilele cha nyongeza kimeangukia palepale ngoe zilipokwisha.

#18 Mchumaji_Konde

Hapo kwenye ngoe mzee wangu siafikiani nawe. Ngoe ni fimbo yenye kombo, unakata kichakani dakika moja unayo. Kinachobana kweli ni karafuu zilizofikia kuchumwa. Karafuu huchumi zote siku moja. Unachukua vishada vilivyojaa kabla havijafunguka ua, vichanga unaviacha mpaka duru nyengine. Kwenye shamba dogo, watu 3 au 4 wanamaliza vilivyo tayari na vilivyo karibu, na waliobaki wanahangaika na vya kileleni. Watu 6 wanamaliza vyote, ndiyo maana wa 7 kaleta sifuri. Ungewapa ngoe 20 bado ungepata sifuri.

#19 Ngalawa_Mkoani

Na mimi nina yangu: jamvi. Watu 8 kwenye jamvi moja la kuchambulia, karafuu zinakanyagwa na kumwagika. Hiyo hasi 2 imetoka hapo, haikutoka mtini.

#20 ShambaLaBabu

Mchumaji ana hoja nzito, na nakiri kwamba sifuri ya mtu wa 7 inaelezeka vizuri zaidi kwa karafuu kumalizika kuliko kwa ngoe. Lakini kushuka kutoka 8 hadi 6 kwa mtu wa 4, karafuu zikiwa bado zipo mtini, bado naona ni ngoe na mgawanyo wa kazi. Jedwali lenyewe haliwezi kutuamua. Linaonesha nyongeza imeshuka mstari gani, halisemi ni kitu gani kati ya vile visivyoongezeka kilichobana. Ili kujua, ungehitaji kuwapa watu 4 ngoe ya 4, siku ile ile na miti ile ile, uone kama ile 6 itapanda. Binti, kwa mtihani taja kitu kisichobadilika kilichoandikwa kwenye swali. Swali limetaja ngoe, miti na jamvi.

#21 Boflo_Mwanakwerekwe

Hodi. Mimi nina tanuri la mikate, si shamba, lakini hii mada imenigusa. Nimefuata maelezo yenu nikaandika yangu. Masinia ya boflo kwa zamu:

```
L    TP
1    10
2    24
3    40
5    60
```

Nimetoa kama Binti alivyotoa: 10, 14, 16, 20. Kwangu nyongeza inapanda tu, haijaanza kupungua. Kwa hiyo niongeze vijana wengine, au vipi?

#22 Mhasibu_Darajani

Kaka usiajiri bado! Tazama safu yako ya L: 1, 2, 3, halafu 5. Mstari wa 4 haupo. Hiyo 20 ya mwisho wameileta watu wawili, si mmoja. Lazima ugawe badiliko la jumla kwa badiliko la watu. 20 gawa kwa 2 ni 10. Kwa hiyo safu yako ya kweli ni 10, 14, 16, 10. Nyongeza imeshashuka, tena kwa kishindo.

Huu mtego watahini wanaupenda. Wanaruka mstari mmoja, mwanafunzi anatoa bila kugawa, anapata namba kubwa mwishoni na kusema nyongeza inapanda. Hata jedwali la Binti ukiliruka lingekudanganya. Andika watu 1, 2, 3 na 5 peke yao: jumla ni 4, 10, 18, 28. Ukitoa tu unapata 4, 6, 8, 10, namba zinazopanda vizuri kabisa, wakati ukweli ni 4, 6, 8, 5.

#23 Boflo_Mwanakwerekwe

Allah! Kumbe. Basi kwangu imeanza kupungua kwa mtu wa 4, kama kwa Binti?

#24 Mhasibu_Darajani

Hapana, hilo hatujui. Hiyo 10 ni wastani wa mtu wa 4 na wa 5 kwa pamoja. Inawezekana wa 4 kaleta 14 na wa 5 kaleta 6, hapo kupungua kumeanza kwa wa 4. Inawezekana pia wa 4 kaleta 17, zaidi ya wa 3, na wa 5 kaleta 3 tu, hapo kumeanza kwa wa 5. Njia zote mbili zinatoa 60. Unachoweza kusema ni kuwa imeshuka mahali fulani kati ya mtu wa 3 na wa 5. Mstari uliorukwa umeondoka na jibu.

#25 ShambaLaBabu

Na mimi nina suali kwa kaka wa boflo. Ulipotoka watu 3 kwenda 5, tanuri lilikuwa lile lile na saa zile zile?

#26 Boflo_Mwanakwerekwe

Tanuri lile lile. Saa ziliongezeka, ilikuwa Ramadhani, tulikuwa tunaanza mapema zaidi ili watu wapate mikate ya futari. Kama saa mbili zaidi kila siku.

#27 ShambaLaBabu

Basi mstari wa 5 usiuweke pamoja na hiyo mitatu. Tanuri lililowaka saa mbili zaidi ni sawa na tanuri kubwa zaidi. Umeongeza watu na umeongeza tanuri kwa pamoja, sasa hatujui masinia 20 yameletwa na nani. Pengine kwa saa za kawaida watu 5 wangetoa 50 tu.

Mashambani kosa hili ndilo linalotokea kila siku. Mtu anaandika "Jumatatu wachumaji 3, Alhamisi wachumaji 5" akafanya jedwali. Jumatatu vishada vilikuwa vimejaa, Alhamisi yamebaki mabaki, au mvua imenyesha asubuhi watu wakachelewa kupanda. Mistari hiyo imetoka kwenye mashamba mawili tofauti ingawa miti ni ile ile. Ndiyo maana majedwali ya vitabuni ni masafi hivyo: yamebuniwa. La kwako ukilitaka la kweli, chagua siku zinazofanana, zamu zenye saa sawa, oda zisipungue, na uongeze mtu mmoja mmoja.

#28 Ngalawa_Mkoani

Tunarudi palepale. Tuseme Binti kajibu mtu wa 4. Mwenye shamba afanye nini na hilo jibu? Asiajiri wa 4? Akiishia 3 anaacha pishi 12 mtini. Ndiyo maana nikasema wastani.

#29 Mhasibu_Darajani

Kuanza kupungua si amri ya kuacha kuajiri. Anayelipa kwa siku analinganisha nyongeza na ujira. Tuseme ujira wa siku una thamani ya pishi 3. Wa 4 analeta 6, unalipa 3, unafaidi. Wa 5 analeta 4, bado unafaidi 1. Wa 6 analeta 2, unalipa 3, unapoteza. Kwa hiyo unaishia watu 5. Na wastani ungekudanganya kwa wa 6, maana wastani wa watu 6 ni 5, uko juu ya ujira wa 3, ungeona sawa tu kumchukua.

#30 Mchumaji_Konde

Hesabu nzuri, lakini huku kwetu karafuu tunachuma kwa pishi, hatuchumi kwa siku. Mwenye shamba anatoa kiasi fulani kwa kila pishi. Aweke watu 3 au 6, kila pishi inamgharimu kile kile. Yeye hana haraka ya kuzuia watu, na karafuu zikianza kufunguka anataka watu wengi wamalize mapema.

Anayeumia ni sisi. Tukiwa 3 tunagawana 18, kila mmoja 6. Tukiwa 6 tunagawana 30, kila mmoja 5. Mtu wa 6 kaongeza pishi 2 tu shambani lakini anaondoka na 5. Hizo 3 za ziada zimetoka mikononi mwetu, kwa vishada ambavyo tungevichuma sisi. Tuliokuwa watano tulikuwa na 5.6 kila mmoja. Ndiyo maana mtu akitokea saa nne asubuhi na pakacha lake tunamtazama vibaya, na yeye hana kosa, naye ana watoto.

#31 Mhasibu_Darajani

Umenifungua macho hapo, ndugu yangu. Kwa hiyo kwa malipo ya pishi, mwenye shamba anaweza kufika mpaka mtu wa 7 bila kuona hasara yoyote, na mchumaji ndiye anayebeba kushuka kote kupitia wastani. Ngalawa, wastani wako umepata kazi yake.

#32 Ngalawa_Mkoani

Nilisema mimi!

#33 BintiWete

Nimenakili yote. Limebaki moja. Rafiki yangu kaandika "inaanza baada ya mtu wa 3", mimi nimeandika "inaanza kwa mtu wa 4". Maalim kaweka mshangao kwenye zote mbili. Ipi sahihi?

#34 ShambaLaBabu

Zote zinasema jambo moja. Ile 6 si mali ya mstari wa 4 wala wa 3, ni ya hatua kati yao. Ndiyo maana ukichora, jumla na wastani unaziweka juu ya 1, 2, 3, 4, lakini nyongeza unaiweka katikati, juu ya 0.5, 1.5, 2.5, 3.5. Ukichora MP juu ya namba kamili, kilele kinasogea kulia nusu nzima. Andika kwa ukamilifu: "Nyongeza inapanda mpaka mchumaji wa 3, ambako ni pishi 8, na inaanza kupungua kwa mchumaji wa 4, ambako inakuwa 6." Hapo hakuna wa kukukosoa.

#35 Boflo_Mwanakwerekwe

Mimi nilisahihishiwa zamani skuli kwa kuandika "baada ya 3". Msahihishaji alitaka 4 tu.

#36 Mhasibu_Darajani

Mimi kinyume chako, tulifundishwa kutaja mstari wenye kilele, yaani 3. Inategemea nani anasahihisha. Ukitaja namba zote mbili za nyongeza, 8 na 6, unakuwa salama kwa wote.

#37 Kipepeo_Chake

Sasa nimeanza kuifahamu, nami niulize. Nyongeza ikiwa 4, 8, 8, 6, je? Mtu wa 3 hakuzidi wa 2. Kupungua kumeanza kwa wa 3?

#38 Mhasibu_Darajani

Hapana. 8 na 8 ni sawa, haijapanda wala haijashuka. Kupungua kunaanza pale inaposhuka kweli, kwa wa 4 mwenye 6. Na ikiwa jedwali linaanza 10, 7, 5, 2, kupungua kumeanza tangu mtu wa 2, hakuna sheria kwamba lazima ipande kwanza.

#39 Boflo_Mwanakwerekwe

Wiki ijayo naweka watu 4, saa zile zile za kawaida, halafu siku ya pili 5. Nitaleta masinia hapa mnihesabie.

#40 Mchumaji_Konde

Siku zote mbili ziwe za kati ya wiki, kaka. Ijumaa watu wanakwenda msikitini mapema, zamu itakatika.